Jinsi ya kupanga skimu ya Hesabu ya muhula mzima iendane na malengo ya silabasi na uzito wa maksi za mtihani

Walimu wenzangu wa Hesabu, skimu nyingi ninazoletewa nizipitie zina tatizo moja. Topiki zimepangwa kwa mfuatano wa kitabu, vipindi vimenakiliwa kutoka silabasi bila kugusa hata kimoja, halafu mwezi wa tano unafika matriksi haijaguswa na mtihani wa muhula unatungwa kwa kile kilichobahatika kufundishwa. Mwezi wa sita ndo simu zinaanza: "mwalimu nimalizieje hii?" Sasa naiandika yote hapa, hatua kwa hatua.

Mfano nitakaoutumia ni Kidato cha Nne, Besiki Matematiksi, muhula wa kwanza, shule ya kutwa ya kata huku Temeke yenye vipindi 6 vya dakika 40 kwa wiki. Silabasi ninayoisemea ni ile yenye topiki nane kwa Kidato cha Nne: koordineti jiometri, eneo na mzingo, maumbo ya pande tatu, probabiliti, trigonometri, vekta, matriksi na transfomesheni, na linia programingi. Wewe wa mtaala mpya unaoongelea umahiri mkuu na umahiri mahususi, njia ni hii hii. Pale nitakaposema lengo mahususi we soma umahiri mahususi, na vigezo vya upimaji utavikuta kwenye safu yake.

## Vitu vya kuwa navyo mezani kabla hujaandika chochote

- Silabasi yenyewe. Kitabu cha kiada hakitoshi, kwa sababu idadi ya vipindi na malengo mahususi vipo kwenye silabasi.
- Fomati ya mtihani ya Baraza la Mitihani. Ipo kwenye tovuti yao, necta.go.tz.
- Pepa za taifa za miaka mitano iliyofuatana, zote za fomati moja.
- Taarifa za Baraza za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, angalau za miaka miwili. Zinaonesha swali kwa swali watoto walifanyaje na walikosea wapi.
- Kalenda ya muhula ya shule yako na ratiba ya vipindi.
- Logibuku ya mwaka jana ya darasa hilo hilo, hata kama aliyeijaza alikuwa mwalimu mwingine.
- Eksel kwenye simu au kompyuta, ama daftari la mraba na kalkuleta.

Hiyo logibuku watu wanaidharau ila ndo itakuambia ukweli wa Kidato cha Tatu kiliishia wapi. Kama akaunti haikufundishwa, skimu yako ya Kidato cha Nne tayari ina deni.

## Hatua ya 1: Tafuta vipindi ulivyonavyo kweli

Anza hapa, usianze na topiki, maana ukianza na topiki utaahidi vipindi usivyonavyo.

Kwenye mfano wetu tuseme kalenda inatupa wiki 19 za kuwa shuleni, likizo fupi ya katikati ya muhula imeshaondolewa. Toa wiki ya kwanza, ile ya usafi na ratiba isiyotulia. Toa wiki ya midtem, toa wiki ya mtihani wa muhula, toa na wiki moja ya kusahihisha na kurudisha pepa. Zinabaki wiki 15, mara 6 ni vipindi 90.

Sasa toa sikukuu, lakini zile tu zinazoangukia siku unayofundisha: Karume 7 Aprili, Muungano 26 Aprili, Mei Mosi, Jumatatu ya Pasaka, Idi. Hapa fungua ratiba yako kabisa uangalie, kwa sababu kama una dabo Jumatatu basi Pasaka inakula vipindi viwili. Tuseme vimeondoka 5, tumebaki na 85.

Halafu weka akiba, kama asilimia 10. Kwetu ni vipindi 8, vinabaki 77. Kuna walimu wanaona akiba ni uvivu, ila Dar es Salaam wewe unajua, masika ya mwezi wa nne barabara ikijaa maji nusu ya darasa inaingia saa tatu, na kipindi cha kwanza kimeenda na maji. Ukiongeza michezo na vikao vya ghafla, 8 sio vingi.

Umefanikiwa kama: una namba moja, kwetu 77, na ukiulizwa imetokea wapi unaweza kuionesha kwenye kalenda siku kwa siku.

## Hatua ya 2: Hesabu maksi za kila topiki

Pepa ya Besiki ina maswali 14 na yote ni lazima. Sehemu A maswali 10 ya maksi 6, jumla 60. Sehemu B maswali manne ya maksi 10, jumla 40. Chukua pepa zako tano, kila kipengele, (a) na (b) kivyake, kiandikie topiki yake na maksi zake, jumlisha, gawa kwa tano.

Tuseme umepata hivi kwa topiki za Kidato cha Nne: matriksi na transfomesheni 10, linia programingi 5, maumbo ya pande tatu 5, trigonometri 4, na koordineti, vekta, probabiliti, eneo na mzingo 3 kila moja. Jumla 36. Namba za kwako zitatofautiana kidogo kulingana na pepa ulizochukua, hilo halina shida.

Simama hapo kwenye 36 kidogo. Maana yake maksi 64 zinatoka Kidato cha Kwanza mpaka cha Tatu! Skimu ya Kidato cha Nne isiyo na kipindi hata kimoja cha topiki za chini inamwandaa mtoto kwa sehemu ndogo tu ya pepa, na hili ndo kosa kubwa kuliko yote, kubwa hata kuliko kuchelewa kumaliza silabasi. "Rivisheni tutafanya mwezi wa tisa" sio mpango. Mwezi wa tisa mtoto ana masomo mengine na yote yanafanya rivisheni.

Kwa hiyo tenga kipindi kimoja kila wiki kwa topiki za chini. Wiki 15, vipindi 15. Kwenye 77 tunabaki na 62 vya topiki mpya.

Tahadhari: usitumie pepa moja kupata uzito. Mwaka mmoja topiki inaweza kuja na swali refu, mwaka unaofuata ikaja kipengele tu, ukapanga muhula mzima kwa bahati ya mwaka mmoja.

## Hatua ya 3: Chagua topiki za muhula huu kwa kuangalia nini kinategemea nini

Topiki zote nane hazikai kwenye vipindi 62, usijidanganye. Chagua kwa swali moja: topiki hii inahitaji nini kije kabla yake?

Linia programingi inahitaji kuchora mistari na kutafuta mistari inakutana wapi, kwa hiyo inakuja baada ya koordineti. Transfomesheni kwa matriksi inahitaji trigonometri, kwa sababu matriksi ya mzunguko na ya kuakisi zina sini na kosini ndani yake, na inahitaji vekta kwa ajili ya transilesheni. Lakini nusu ya kwanza ya matriksi, yaani kujumlisha, kuzidisha, ditaminanti, inivasi na kutatua milinganyo miwili, haihitaji chochote kati ya hivyo. Hii nusu inaweza kukaa mapema kabisa.

Ndo maana mimi naikata matriksi vipande viwili. Mfuatano wa mfano wetu unakuwa hivi: koordineti, matriksi kipande cha kwanza, linia programingi, trigonometri, vekta, matriksi kipande cha pili. Eneo na mzingo, probabiliti na maumbo ya pande tatu zinakwenda muhula wa pili. Kwa pamoja zina maksi 11 na hakuna hata moja kati ya hizi tano inayozisubiri.

Faida ya kukata matriksi ni kwamba topiki yenye maksi nyingi kuliko zote haikai yote mwisho wa muhula, pale ambapo kila kinachochelewa kinakatiwa. Hata muhula ukikuendea vibaya, nusu yake imeshafundishwa na imeshapimwa.

Tahadhari ya kwanza: angalia tarehe ya moko ya mkoa au wilaya. Kama inakuja mapema na inapima silabasi nzima, ongea na wenzako wa idara kabla hujasogeza topiki tatu mbele. Probabiliti ndo rahisi kurudisha nyuma, haina mzigo mkubwa.

Tahadhari ya pili: wathibiti ubora wakikuta mfuatano tofauti na silabasi watauliza, na wana haki ya kuuliza. Andika sababu kwenye safu ya maoni, mstari mmoja tu, "kipande cha pili kinahitaji trigonometri", mkuu wa idara asaini. Kupanga upya mfuatano kunaelezeka, kufuta lengo la silabasi hakuelezeki.

## Hatua ya 4: Gawa vipindi kwa mizani mbili

Hapa watu wanavutana. Wapo wanaogawa kwa vipindi vya silabasi peke yake, wapo wanaogawa kwa maksi peke yake. Silabasi inakuambia topiki ina kazi kiasi gani kufundishwa, mtihani unakuambia ina thamani gani, unahitaji vyote. Ukifuata maksi peke yake, vekta inabaki na vipindi saba na haifundishiki kwa saba.

Chukua fungu la silabasi na fungu la maksi, tafuta wastani, zidisha kwa 62. Kwenye mfano nimeweka vipindi vya silabasi vya kubuni ili uone hesabu, wewe weka vya kwako:

| Topiki | Silabasi | Maksi | Vipindi vya kupanga |
|---|---|---|---|
| Koordineti | 14 | 3 | 9 |
| Linia programingi | 14 | 5 | 12 |
| Trigonometri | 16 | 4 | 11 |
| Vekta | 16 | 3 | 10 |
| Matriksi | 18 | 10 | 20 |
| Jumla | 78 | 25 | 62 |

Kwa Eksel, silabasi ikiwa safu B na maksi safu C, kuanzia mstari wa 2 hadi wa 6:

```
=ROUND((B2/SUM(B$2:B$6)+C2/SUM(C$2:C$6))/2*62,0)
```

Iburute mpaka chini. Jumla ikizidi au ikipungua kimoja kwa sababu ya kukadiria, rekebisha kwa mkono kwenye topiki kubwa. Matriksi 20 nimezigawa 9 kipande cha kwanza na 11 cha pili, kwa sababu transfomesheni ndo inawachanganya.

Umefanikiwa kama: jumla ni 62 kamili, na hakuna topiki iliyopata chini ya nusu ya vipindi vyake vya silabasi. Ikitokea hivyo, umebeba topiki nyingi mno, peleka moja muhula wa pili.

## Hatua ya 5: Shuka mpaka kwenye malengo, topiki moja moja

Skimu nyingi zinaishia kwenye topiki. Unakuta imeandikwa "linia programingi, vipindi 12" basi, na mwalimu anatumia vipindi tisa kuchora grafu kwa sababu grafu inajaza ubao vizuri.

Fungua silabasi uandike malengo kwa vitenzi vyake. Kwa linia programingi ni kuunda inikwaliti kutoka kwenye maelezo, kuchora na kuonesha eneo linalokubalika, kuunda fankisheni ya lengo, na kutafuta kubwa au ndogo kabisa kwa kutumia pembe za eneo. Sasa jiulize mtoto anakwama kwenye kitenzi kipi. Jibu linakuwa kile cha kwanza, tena kwa mbali.

Mfano mmoja: mama ntilie ana kilo 10 za unga, sinia la maandazi linakula kilo 2, la chapati kilo 1, na lazima atoe angalau masinia 3 ya chapati. Maandazi yakiwa x na chapati y, tunataka:

```
2x + y ≤ 10
y ≥ 3
x ≥ 0
```

Mpe Kidato cha Nne uone watakaoandika `y ≤ 3`. Wanasikia "angalau" wanaona kitu kidogo, na pepa yenyewe inakuja kwa Kiingereza kwa hiyo ugumu unakuwa mara mbili. Akikosea hapo, eneo lake lote linageuka, pembe zote zinakuwa za uongo, na grafu yake nzuri ya penseli kali haimsaidii.

Kwa hiyo vipindi 12 navigawa hivi: vinne kuunda inikwaliti tu bila kuchora chochote, vitatu grafu, viwili fankisheni ya lengo na pembe, viwili maswali kamili ya pepa kwa muda, kimoja jaribio. Kwenye hivyo vinne vya kwanza watoto wasiguse grafu pepa kabisa, wanalalamika, waache walalamike.

Topiki nyingine fanya vivyo hivyo. Taarifa za uchambuzi wa majibu ndo zinakusaidia hapa, Baraza linataja kabisa watahiniwa walishindwa nini. Swali ambalo chini ya asilimia 30 ya watahiniwa ndo wamepata angalau asilimia 30 ya maksi zake linawekwa kundi hafifu. Lengo linalojirudia kwenye kundi hilo miaka miwili mfululizo liongezee kipindi, ukitoe kwenye lengo ambalo watoto wanalimudu ndani ya topiki hiyo hiyo.

## Hatua ya 6: Vile vipindi 15 vya topiki za chini, vibandike mahali vinapohitajika

Usivipange ovyo. Wiki moja kabla ya linia programingi, kipindi cha topiki za chini kiwe grafu za inikwaliti kutoka Kidato cha Tatu. Kabla ya trigonometri, Paithagorasi na sini-kosini-tanjenti za Kidato cha Pili. Kabla ya matriksi kipande cha pili, transfomesheni za kawaida. Kipindi kimoja kinafanya kazi mbili, kinarudia topiki yenye maksi na kinasafisha njia ya topiki mpya.

Vinavyobaki peleka kwenye zile nzito za Kidato cha Tatu: takwimu, duara, dunia kama tufe, akaunti, fankisheni. Na lile deni la kwenye logibuku linalipwa hapa.

## Hatua ya 7: Tunga mtihani wa muhula sasa hivi, kabla ya kufundisha

Sisemi maswali yenyewe, nasema jedwali la mgawanyo. Ukilitunga mwezi wa tano utalitunga kwa kile ulichofundisha vizuri, na mtihani utakusifia wewe badala ya kumpima mtoto.

Fuata fomati ya taifa, maswali 10 ya maksi 6 na manne ya maksi 10. Topiki za chini zilipata vipindi 15 kati ya 77, karibu asilimia 20, kwa hiyo zipe maswali matatu ya maksi 6, jumla 18. Zilizobaki 82 zinagawanyika hivi: matriksi 26 (maswali mawili ya 10 na moja la 6), linia programingi 16 (moja la 10, moja la 6), trigonometri 16 vile vile, koordineti 12 na vekta 12 (maswali mawili mawili ya 6). Hesabu mwenyewe, yanatimia 14 na maksi 100. Hailingani senti kwa senti na vipindi kwa sababu maswali hayakatiki, tofauti ya maksi mbili tatu iache.

Halafu kila swali liandikie kitenzi cha silabasi linachopima. Ukikuta matriksi yote matatu yanapima "kutafuta inivasi", uzito wa topiki upo sawa ila malengo yameachwa. Hii ni rahisi kupita bila kuonekana maana ukiangalia maksi tu kila kitu kinaonekana safi. Midtem ifuate jedwali hilo hilo kwa topiki zilizofika, yaani koordineti, matriksi kipande cha kwanza na linia programingi, ambazo ni vipindi 30, wiki sita.

Umefanikiwa kama: mwalimu mwingine wa Hesabu anaweza kuchukua jedwali lako akatunga pepa bila kukupigia simu.

## Hatua ya 8: Kagua kila baada ya wiki mbili, na ilinde akiba

Linganisha logibuku na skimu: ulitakiwa uwe umefundisha vipindi 10 vipya, umefundisha vingapi? Ukiwa nyuma kwa kimoja au viwili endelea. Ukiwa nyuma kwa vinne, usikimbize topiki inayofuata, chukua viwili kwenye akiba na viwili kata kwenye mazoezi ya lengo ambalo jaribio limeonesha wanalimudu.

Jaribio la mwisho wa topiki lisahihishe kwa malengo. Daftari lako liwe na safu moja kwa kila kitenzi na uweke vema au kosa. Kwa darasa la watu 70 huna haja ya kuandika wote, chukua karatasi 20 zilizochanganywa utaona picha. Lengo ambalo chini ya nusu wamelipata linastahili kipindi cha akiba, na kipindi hicho unafundisha hicho kitenzi tu, haurudii topiki yote.

Akiba isitumike kuanza topiki ya muhula wa pili "kwa sababu tumewahi". Ukifika wiki ya 13 na bado una vipindi vitatu mkononi, wape swali moja la sehemu B la transfomesheni, dakika 20 za kufanya, 20 za kusahihishana, kisha kesho yake lingine.